Jerikeni nasuuza kila siku na maji bado yananuka: kosa liko wapi?

MamaWawili_Langoni
Asalaam aleikum jamaa. Niko Amu, hapa Lamu, mtaa wa Langoni. Maji ya mfereji kwetu hayaji kila siku, na yakija huwa usiku, basi nakinga jerikeni sita za lita ishirini. Kutoka humo ndipo najaza mtungi wa kunywa. Kila nikitaka kukinga nasuuza kwanza kwa sabuni, natikisa, namwaga. Pamoja na hayo, siku ya tatu maji ya jerikeni yana harufu ya kitambaa kilicholala majini, na ya mfereji yakitoka hayanuki chochote.

Mwanangu mdogo ameharisha mara mbili tangu mwezi jana. Zahanati walimpa maji ya chumvi na sukari pamoja na zinki, akapata afueni, nami nikaambiwa nichemshe maji. Nachemsha kweli. Yakipoa nayarudisha kwenye jerikeni, maana sina chombo kingine.

Naomba mnieleze kosa langu liko wapi. Na la pili, mtungi nauosha vipi? Nyanya yangu alikuwa akikataza sabuni isiguse mtungi, lakini hakusema kwa nini, na sasa hayupo nimuulize.

KijanaWaMjiniMLD
Dada, hapo kwenye mtungi nyanya alikosea. Mimi nauza maji Malindi, nina mitungi arubaini kwenye mkokoteni, yote naosha kwa sabuni ya unga na hakuna mteja aliyelalamika. Mtungi bila sabuni utaoshwaje? Ule weupe wa ndani hautoki.

MamaWawili_Langoni
Kakangu, nasema mtungi wa udongo, ule wa kukaa kwenye kona na kata. Nyinyi Malindi jerikeni mwaita mtungi.

KijanaWaMjiniMLD
Ala, samahani. Wa udongo sijawahi kuosha. Ila kwa hizi za plastiki msimamo wangu ni huo huo.

FundiMatangi
Tatizo lako ni dogo. Chukua jiki, mimina kikombe kizima ndani ya jerikeni, jaza maji, funga, lala. Asubuhi mwaga, suuza, umemaliza. Jiki inaua kila kitu. Mimi naosha matangi ya mahoteli kwa jiki miaka kumi na moja sasa.

AfyaMtaani_Mstaafu
Wa aleikum salaam binti yangu. Nimefanya kazi ya afya ya mazingira visiwani huku mpaka nikastaafu, na jerikeni ndizo zilizonitembeza sana. Kabla ya kuosha chochote, fanya hivi. Chukua jerikeni moja tupu, ingiza kidole mdomoni mwake, upapase ukuta wa ndani karibu na bega, pale juu ambapo maji hayafiki kila mara. Halafu sugua kidole na kidole. Ukihisi utelezi kama wa samaki, umeshapata jibu lako.

Huo utelezi ni ukoga. Vijidudu vilivyomo majini hushika ukuta wa plastiki, vikatoa kitu kama ute, vikajijenga humo tabaka juu ya tabaka. Ukisuuza, maji yanapita juu yake tu. Sabuni ukiitikisa bila kitu cha kusugua inatoa mafuta na vumbi, ukoga unabaki. Kisha unakinga maji mazuri, na kwa joto letu ule ukoga unaanza kuyachafua usiku huo huo. Harufu unayoipata siku ya tatu ni yake.

Kuchemsha hukukosea. Kosa lilikuja baada ya kuchemsha, ulipoyarudisha maji kwenye chombo kile kile. Maji yaliyochemshwa hayana dawa yoyote ndani yake ya kujilinda, kwa hiyo yakikutana na ukoga yanachafuka upya mara moja.

Bwana FundiMatangi, jiki nakubaliana nayo, lakini si mwanzo. Klorini iliyomo ndani yake haichagui. Ukiimimina juu ya ukoga inapigana na uchafu wa juu kwanza na kuishia hapo hapo, na vilivyojificha chini vinabaki hai. Uchafu utoke kwanza, dawa ije baadaye.

MamaWawili_Langoni
Mzee wangu, nimepapasa zote sita. Nne zinateleza. Moja inateleza mpaka kidole kimenuka. Sasa mkono haupiti mdomoni, nasugua vipi?

AfyaMtaani_Mstaafu
Kwa kokoto. Tafuta kokoto laini za mviringo, zisizo na ncha, kiasi cha viganja viwili vilivyojaa. Zioshe, zichemshe ukiweza. Zitie ndani ya jerikeni pamoja na kijiko kikubwa cha sabuni ya unga na maji ya vuguvugu kama lita mbili. Usijaze, kwa sababu kwenye maji mengi kokoto hazisugui vizuri. Funga kifuniko, kisha tikisa kwa nguvu dakika mbili tatu, ukiilaza ubavu huu, ubavu ule, ukiigeuza kichwa chini ili bega nalo lisuguliwe. Mwaga kwenye beseni jeupe ujionee mwenyewe kilichotoka. Rudia mpaka maji yatoke meupe na kidole kikwaruze bila kuteleza.

Zile zenye ncha usitumie. Zinachana plastiki, na kila mchubuko unakuwa nyumba mpya ya ukoga.

Hapo sasa ndipo jiki. Maji lita moja, jiki kijiko cha chai kimoja na nusu, ile ya kawaida iliyoandikwa asilimia 3.5, isiyo na manukato. Iingize ndani, tikisa, halafu kila baada ya dakika chache igeuze upande mwingine, kwa muda wa nusu saa. Tunachotaka ni kila ukuta ulowe, ndiyo maana lita moja inatosha bila kujaza. Mwaga, suuza kwa maji safi, ipindue ikauke. Na jiki isichanganywe kamwe na siki wala dawa ya choo, inatoa hewa ya sumu.

FundiMatangi
Sawa mzee, nimekubali upande wa jerikeni. Kwenye tangi sisi tunasugua kabla, ni kwamba sikuandika.

Shela_Kwetu
Na mimi niingie hapo hapo. Tangi langu la lita elfu moja liko juu ya paa, jeusi, halijaoshwa tangu tulijenge. Maji yanatoka safi kwa macho. Lazima niingie ndani?

FundiMatangi
Hili ni eneo langu, niachieni. Tangi la lita elfu usiingie, halihitaji. Subiri maji yafike chini kabisa, funga bomba la kuingiza. Kilichobaki chini ni tope, hata kama maji ya juu ni meupe, kwa sababu bomba la kutolea huwa limewekwa juu kidogo ya sakafu ya tangi, na lile tope halitoki kamwe mpaka ulitoe. Funga brashi ya nailoni kwenye mti mrefu, sugua kuta kutoka juu kushuka, pamoja na upande wa ndani wa kifuniko, watu husahau hapo. Tope lichote kwa kopo na sponji. Suuza, chota tena.

Halafu jaza robo, tia jiki ya asilimia 3.5 lita moja na nusu, malizia kujaza mpaka juu. Fungua kila mfereji wa nyumba mpaka usikie harufu ya dawa, ufunge, uache mpaka kesho yake saa kama hizo. Waambie watu wa nyumba wasinywe wala wasipikie. Kisha mwaga yote, usiyaelekeze kwenye miti wala pale punda wanapokunywa. Jaza upya, na harufu ikiwa bado kali, mwaga tena.

Mara moja kila miezi sita inatosha kwa tangi lililofunikwa vizuri. Lakini angalia bomba la maji ya ziada juu. Nimefungua matangi mawili Malindi nikakuta mjusi, na yote mawili kifuniko kilikuwa kimefungwa barabara. Walipitia kwenye bomba. Funga wavu mdogo wa chandarua pale, ukaze kwa waya.

Matangi ya chini ya ardhi na majabia ni jambo jingine. Hewa ya ndani inaweza kuwa mbaya. Usiingie peke yako, na kabla ya kuingia acha mdomo wazi muda mrefu, mwenzako abaki juu na kamba.

MzeeWaMkomani
Nyumba zetu za zamani hapa Mkomani tulikuwa na birika la maji la kujengwa chooni, na ndani ya birika samaki wadogo. Sakafuni mwa birika kulichimbiwa bakuli la kaure, ili maji yakipungua samaki wabaki na pa kukaa. Wale samaki walikuwa wakila viluwiluwi vya mbu. Yule ndugu wa Shela atie samaki tangini, aache madawa.

AfyaMtaani_Mstaafu
Shikamoo mzee. Samaki walifanya kazi yao, lakini birika lile lilikuwa la kuoga na kutawadhia. Kwa tangi lenye maji ya kunywa, gizani juu ya paa, samaki atakufa ndani na kuoza. Na klorini itamuua kwanza.

Ila umetaja mbu, na hilo binti wa Langoni hakuliuliza lakini linamhusu. Wanaokumbuka 2004 hapa Amu wanajua. Mvua zilikuwa haba, watu wakaweka akiba ya maji ndani ya nyumba, vyombo vikakaa bila kumalizwa wala kuoshwa. Ikaja homa ya viungo, chikungunya, watu wakawa hawawezi kusimama wima. Jina lenyewe ni la Kimakonde, la kukunjamana. Damu zilipopimwa baadaye ilionekana karibu robo tatu ya watu wa mji walikuwa wamepata.

Mbu wake ni yule mweusi mwenye madoa meupe miguuni, anayeuma mchana. Yeye hatagi juu ya maji. Anataga kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya mstari wa maji, mayai meusi madogo kama masizi. Ukimwaga maji, mayai yanabaki yameshika ukutani, yakakauka, na yanaweza kukaa miezi. Siku utakayojaza tena yanalowa na kuangua. Kwa joto letu, yai mpaka mbu ni kama wiki moja hivi. Kwa hiyo mtu anayemwaga na kusuuza bila kusugua ukuta anawafuga tu.

MzeeWaMkomani
Marahaba. 2004 nililala wiki tatu, magoti mpaka leo yananikumbusha. Jambo la mayai ukutani sikuwahi kuambiwa.

MamaWawili_Langoni
Nimerudi na habari. Jana nimeosha zote. Nilitumia kokoto za chokaa, nilikuta zimebaki pale walipojenga ukuta, nikachagua laini. Beseni la kwanza lilitoka vipande vya kijani na kahawia kama ganda la dengu. Nilishtuka, kwa sababu jerikeni hiyo kwa nje ni nyeupe kabisa. Niliosha mara nne mpaka ikakwaruza.

Mzee, ile moja iliyonuka ilinishinda. Kuta zilitakata, lakini nikiinamisha maji yanatoka meupe, halafu mwishoni yanatoka machafu kidogo, kila mara. Nikamulika tochi ya simu. Kumbe ule mkono wa kushikia una tundu ndani, maji yanaingia mle, na kokoto hazipiti. Mle kumekuwa kweusi.

AfyaMtaani_Mstaafu
Umeona jambo ambalo wengi hawalioni. Mkono ule ni mrija uliowazi pande zote mbili. Unaweza kujaribu kamba: ifunge mafundo mawili matatu, ipitishe kwa waya, uivute huku na huku na sabuni. Kwenye jerikeni nyingine mdomo ni mdogo na waya haufiki. Ikikushinda, iandike "dekio" kwa wino na isirudi kwenye maji ya kunywa.

Na ulizaliwa nayo hiyo, au ulinunua ikiwa imetumika?

MamaWawili_Langoni
Nilinunua sokoni, ya mafuta ya kupikia.

KijanaWaMjiniMLD
Hapo nawe una neno. Mimi za mafuta ya kupikia nachukua, naosha kwa maji moto na sabuni mara tatu. Ila za mafuta taa, dizeli au dawa za shamba sichukui hata ukinipa bure. Plastiki inanyonya, ukiosha mwaka mzima bado inarudisha. Wapo wanaouza wakisema imeoshwa. Fungua, inusie ikiwa imekaa juani imefungwa, ndipo utajua.

UmuRashid_Wiyoni
Naomba turudi kwa mtungi wa udongo, dada aliuliza na wote mmekimbilia plastiki. Sisi mtungi tunaufukiza ubani. Unaosha, unaukausha, unaupindua juu ya chetezo chenye makaa na ubani mpaka moshi uingie, halafu ndipo unatia maji. Ubani unaua vijidudu, ndiyo maana wazee hawakuugua.

AfyaMtaani_Mstaafu
Dadangu, harufu yake naipenda, na kwangu nyumbani mtungi unafukizwa. Lakini siwezi kusema ubani umesafisha maji. Ninaloona ni kwamba mtu anayetaka kufukiza lazima kwanza amwage yote, asugue, na aukaushe mtungi mpaka ndani, kwa sababu moshi haushiki kwenye ukuta uliolowa. Hiyo kazi ya kabla ya ubani ndiyo iliyowalinda wazee.

UmuRashid_Wiyoni
Sikubaliani moja kwa moja. Maji ya mtungi usiofukizwa na uliofukizwa siku ya nne si sawa, nimejaribu mwenyewe. Lakini la kusugua nakubali, na nyanya wa dada alikuwa na haki kuhusu sabuni. Udongo unanyonya. Ukitia sabuni inaingia kwenye vitundu vya ukuta, na maji yakipenya inarudi ndani. Utakunywa povu siku kumi. Sisi tunasugua kwa makumbi ya nazi na mchanga safi wa mvua, ule usio na chumvi, ndani na kwenye shingo. Suuza mpaka mchanga uishe. Kisha maji ya moto, lakini anza na ya vuguvugu kwanza, ukitia ya kuchemka ghafla mtungi unapasuka. Kisha jua, mdomo chini juu ya vijiti viwili, siku nzima. Mitungi iwe miwili, huu ukikauka ule unafanya kazi.

MamaWawili_Langoni
Bibi, ahsante sana. Nimeuangalia mtungi wangu baada ya kusoma habari ya mayai. Shingoni kwa ndani kuna madoa meusi kama pilipili manga iliyosagwa, mstari mzima. Siku zote nikidhani ni masizi ya jiko.

AfyaMtaani_Mstaafu
Hayo ndiyo. Sugua kwa makumbi na maji ya moto, na yale makumbi uyachome, usiyatupe uani. Kisha fanya kila wiki siku moja, ukichagua Ijumaa iwe Ijumaa, ili wasifikie kuruka. Juu ya mdomo funga kitambaa cheupe kwa uzi kabla ya kuweka kibia, kwa sababu kibia chetu kikipasuka pembeni mbu anapita.

Na kata: itundikwe ukutani, isilazwe juu ya kifuniko wala isiachwe ndani. Iwe na mpini mrefu ili vidole visiguse maji. Nimeona nyumba zinazoosha mtungi vizuri kabisa, halafu mtoto anachovya kikombe na mkono mpaka kiwiko.

Shela_Kwetu
Dawa ya maji, ile ya chupa ndogo ya kifuniko kimoja kwa lita ishirini, itiwe mtungini?

AfyaMtaani_Mstaafu
Tia kwenye jerikeni iliyooshwa, funga, subiri nusu saa, ndipo umimine mtungini kile cha kunywa siku hiyo. Ndani ya mtungi wa udongo klorini inakatika upesi kuliko kwenye plastiki, ukuta unaimaliza. Kwa hiyo mtungi uwe wa kupoza, usiwe wa kuhifadhi siku tatu nne.

UmuRashid_Wiyoni
Na hapo ubani unapotea, dawa inaua harufu yote. Mimi nachemsha, napoza kwenye sufuria hiyo hiyo na kifuniko chake, namimina mtungini. Dawa sitii.

AfyaMtaani_Mstaafu
Ukichemsha na mtungi umesuguliwa, na mkono hauingii, sina ugomvi nawe. Mwenye jerikeni sita na maji yanayokuja mara mbili kwa wiki hawezi kuchemsha yote, kuni na gesi zina bei.

MamaWawili_Langoni
Wiki ya pili leo. Jerikeni tano naosha kwa kokoto kila Ijumaa, kokoto nimeziweka kwenye kopo lake. Siku ya nne nimenusa, hazina harufu. Ya sita nimeiandika "dekio". Maji ya kuchemsha sasa napoza kwenye sufuria na kumimina mtungini moja kwa moja. Mtoto tumbo limetulia, lakini najua wiki mbili ni chache.

Lililobaki ni hili: mtungi wangu umeacha kupoza kama zamani tangu niusugue, na kwa nje umepata weupe kama chumvi. Maji yetu yana chumvichumvi kidogo. Bibi wa Wiyoni, weupe huo nao unasuguliwa kwa makumbi, au una dawa yake?

UmuRashid_Wiyoni
Chumvi ya maji imeziba vitundu, mwanangu, jasho la mtungi halitoki ndiyo maana haupozi. Uloweke wote ndani ya beseni la maji ya mvua tangu usiku mpaka asubuhi, sugua nje kwa makumbi, ubadilishe maji, urudie. Wangu wa kwanza ulirudi. Wa pili haukurudi, nikaupandia mrehani.